Sekunde 30 za kunadi wazo kwa mtu usiyemjua: huku kwetu zinatosha kweli?

#1 MwaniWaMsuka

Assalamu alaykum wanajamvi.

Mie nasema ile kanuni ya kwamba wazo lako la biashara lazima ulimalize kwa sekunde 30, ukiwa na mgeni ndani ya lifti, ilitungwa na watu wasiosalimiana. Huku kwetu mpaka muulizane hali, mtokako na nani mnayemjua kwao, boti ishaona taa za Mkoani.

Mie na wenzangu watatu tuna startapu ya kukaushia mwani, na banda la mwanzo tumelijenga Msuka. Haya ndiyo maneno niliyoyatayarisha:

"Naitwa fulani, mhitimu wa chuo kikuu, fani ya biashara. Mimi na wenzangu watatu tumeanzisha startapu inayotoa suluhisho bunifu la kiteknolojia katika mnyororo wa thamani wa mwani, kwa kutumia nishati ya jua, ili kumwinua mwanamke kiuchumi na kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Lengo letu ni kuwafikia wakulima wote wa Unguja na Pemba, na baadaye Afrika Mashariki nzima. Hivi sasa tunatafuta wadau na wawekezaji wa kushirikiana nao ili kuuendeleza mradi huu wenye fursa kubwa sana."

Nilimwambia abiria mwenzangu kwenye boti, mtu wa makamo, kavaa vizuri. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "Mashallah, Mungu akufanyieni wepesi," akarudi kwenye simu yake. Sasa tatizo ni muda, ni lugha, au ni mie mwenyewe?

#2 ChukwaniKwetu

Nimeyasoma kwa sauti na saa ya simu mkononi. Sekunde 41, na hapo sikuburuta hata neno moja. Huyo baba alikustahi tu.

#3 Mzee wa Gofu

Lifti ziko wapi Zanzibar, yakhe? Tulikuwa nayo Beit el Ajaib tangu 1883, ya mwanzo Afrika Mashariki nzima, na jengo lenyewe ndilo hilo lishaanguka.

#4 Mjasiriamali_Halisi

Mkuu MwaniWaMsuka, umekosa kanuni tu. Wazo linanadiwa kwa hatua tano: tatizo, suluhisho, ukubwa wa soko, timu, unachoomba. Wewe umeanza na timu na soko hujalitaja kabisa. Mwekezaji bila kusikia soko lina thamani ya bilioni ngapi hageuki. Weka takwimu ya dunia, soko la mwani ni kubwa mno. Halafu timu yako ieleze vizuri, nani kasoma nini.

#5 Shangani_mzawa

#3, 1883 ni mwaka lilipojengwa jengo, zama za Sayyid Barghash. Lifti ya umeme ilitiwa baadaye. Na halikuanguka lote, ni upande mmoja ulioporomoka Disemba 2020. Haya, rudini kwenye mwani.

#6 Kibarazani

Nimekaa miaka kwenye vikao vya kuwasikiliza vijana wakinadi mawazo yao, na pia nimewasikia wengi nje ya vikao. Niseme nilivyoona.

Kwanza muda. Mtu akizungumza kwa utulivu, kwa Kiswahili, sekunde 30 zinampa maneno kama 60 hivi, kwa sababu maneno yetu marefu. "Tunawakaushia" ni neno moja, lakini lisemeni mkiwa na saa muone. Kwa hivyo anayechukua mfano wa Kiingereza wenye maneno 80 akautafsiri, atamaliza mgeni keshateremka.

Pili, salamu hazihesabiwi. Salimianeni mtakavyo. Saa inaanza pale mgeni mwenyewe anapokuuliza "unakwenda Pemba kwa shughuli gani?", na huku kwetu swali hilo lazima lije. Hiyo ndiyo neema yetu tunayoiona mzigo: kwengine unamvamia mtu, huku unaulizwa.

Tatu, na hapa ndipo lilipo tatizo la huyu kijana. Nimeyasoma maneno yake mara mbili, na isipokuwa kwa ile sentensi ya juu yake sikujua kwamba wana BANDA. Hakuna kitu cha kukiona kwa macho. "Suluhisho bunifu" linaweza kuwa programu ya simu, mashine, au semina. Mgeni hana swali la kuuliza kwa sababu hajapewa kitu cha kuulizia, kwa hivyo anakuombea dua.

Mjasiriamali_Halisi, kanuni yako si ya uongo, lakini ni ya chumba chenye meza, wakati watu wamekuja kukusikiliza na una dakika tano na picha ukutani. Abiria wa boti hajaja kuwekeza. Ukimwambia bilioni anakuweka fungu moja na wale wanaouza viwanja kwa simu. Kwa mgeni unatafuta jambo moja tu: aulize swali la pili.

Mie ningesema hivi:

"Umewahi kupita Msuka masika? Utaona mwani umeanikwa mchangani, na kila wingu likija kina mama wanakimbia kuufunika. Ukipigwa na mvua unapauka, mnunuzi anaukataa. Sisi tumejenga banda la nailoni lenye chanja ndani. Mwani unakauka hata mvua ikinyesha. Mama analipa kwa kilo, akishauza. Banda moja lishafanya kazi. Sasa natafuta mnunuzi atakayelipa zaidi kwa mwani usio na mchanga. Wewe unamjua yeyote?"

Hesabuni. Hayafiki sitini.

#7 MwaniWaMsuka

Kibarazani, ahsante. Ila chuo nimekitupa chote hivyo? Mama yangu alilipa ada.

#8 Kibarazani

Akikuuliza "umejuaje mambo haya?" hapo mtoe mama na ada yake.

#9 BintiKonde

Samahani kidogo. Mama yangu analima mwani tangu mie niko skuli, na kamba nimezifunga kwa mikono hii. Maneno ya Kibarazani mazuri masikioni, lakini mkulima akiyasikia atakuumbua mbele ya huyo mgeni.

"Unakauka hata mvua ikinyesha" si kweli. Banda la nailoni likifungwa pande zote siku ya mawingu, joto halitoshi na mvuke hauna pa kutokea. Unaganda juu ya nailoni, halafu unadondoka matone juu ya mwani ule ule. Asubuhi ukiushika unateleza, na una harufu. Lazima banda liwe na uwazi chini na juu ili upepo upite, na hata hivyo siku ya mvua mwani haukauki, unangojea tu pahala salama. Kwa hivyo sema "haupigwi na mvua". Hilo kweli, na linatosha.

Jengine, mnunuzi haukatai. Angekuwa anaukataa tungejua moja. Anauchukua kwa bei ya chini, au anaupima, anakung'uta gunia, anatazama mchanga uliobaki chini, halafu anakata kilo. Mkulima anaumia pale kwenye mizani. Hilo ndilo la kumwambia mgeni, maana kila mtu keshawahi kupunjwa kwenye mizani.

Na la mwisho: kaskazi jua ni la bure. Mama yangu hawezi kukulipa wewe mwezi wa Januari kwa jua la Mwenyezi Mungu. Banda lako lina kazi masika, na siku siku za vuli. Akikuuliza mgeni "miezi mengine linafanya nini?" una jibu?

#10 ChukwaniKwetu

Uzi ushawaka. BintiKonde kashika mizani.

#11 Haji_wa_Mtoni

Mie naona mnapotea wote. Kwa nini umwambie mgeni wazo lako? Mimi nilikuwa na mpango wa kupeleka barafu kwa wavuvi wa pweza, nikamsimulia jamaa mmoja kwenye daladala, na haikufika Ramadhani nikakuta mtu kashaanza. Watu wanaiba. Mwambie kidogo tu, mengine yaweke.

#12 Kibarazani

Haji, pole. Lakini wapo wengi waliokuwa wanaona pweza wanaoza kwenye jua, na kila mmoja wao angeweza kuwaza barafu bila ya wewe. Banda la Msuka linaonekana na kila apitaye. La kuficha ni bei mliyopatana na mnunuzi, na hilo kwenye sekunde 30 halimo.

#13 Haji_wa_Mtoni

Wewe hukuwa kwenye hiyo daladala.

#14 MamaWaTatu_Wete

Jamani sijafahamu, huyu kijana anataka mtaji au anataka kusahihishiwa insha? Kama mtaji aende ZEEA akachukue fomu, wanakopesha vikundi. Kumsimulia abiria hakutompa hata shilingi.

#15 MwaniWaMsuka

MamaWaTatu, ZEEA nako kuna mtu nyuma ya meza ataniuliza "mradi wenu ni wa nini?", nimjibu kwa maneno gani? Ndiyo hayo hayo.

BintiKonde, umenipiga panapouma, kuhusu mvuke. Banda letu lina uwazi juu, ila ule wa chini tuliuziba kwa sababu ya mbuzi. Bei: kwetu mkulima tunamtoza shilingi 100 kwa kilo ya mkavu. Miezi ya kaskazi banda linakaa tupu, kweli.

#16 BintiKonde

Tia wavu chini, mbuzi hapiti na upepo unapita.

Shilingi 100 tuzungumze. Mwani wa spinosamu mnunuzi wenu anatoa ngapi?

#17 MwaniWaMsuka

Msimu uliopita 700 kwa ule mzuri, na ule uliopauka na wenye mchanga 500.

#18 BintiKonde

Basi tupige hesabu, maana hapa ndipo mgeni mwenye akili atakapokushika.

Mwani mbichi kilo saba au nane ndio unapata moja mkavu. Mama akitoka bamvu moja na mbichi wa kutoa kilo 100 za mkavu, masika bila banda anauza kwa 500, anapata 50,000. Na banda anauza kwa 700, anapata 70,000, anakupa wewe 10,000, anabaki na 60,000. Kazidisha 10,000. Vizuri. Lakini mwani mbichi una maji na ni mzito, na banda lako liko mbali na pwani. Akimlipa kijana wa gari la ng'ombe 5,000 kwenda, nusu ya faida ishakwenda. Na ikiwa wingu halikunyesha siku hizo, angeuza kwa 700 bila ya wewe.

Ndiyo maana nasema anayefaidi kwa uhakika ni mnunuzi. Yeye ndiye anayekung'uta mchanga, anayekausha tena ghalani kabla ya kusafirisha, anayeogopa gunia likipata joto ndani. Mwambie YEYE alipe hiyo 100. Kina mama wakaushe bure.

#19 Mjasiriamali_Halisi

Hapo sasa tunarudi kwenye kanuni yangu mkuu. Hujajua mteja wako ni nani, utanadi nini?

#20 Shangani_mzawa

Kanuni yako ilikuwa na mabilioni, haikuwa na mteja.

#21 UkhtyJang'ombe

Nakubaliana na BintiKonde kwa hesabu, lakini mnasahau jambo. Ushauri wa "anza na swali" unawafaa wanaume. Mie nauza sabuni ya mwani na mafuta, na siwezi kumgeukia mwanamume nisiyemjua kwenye boti nikamuuliza "umewahi kupita Msuka?" Atafahamu vyengine. Na mtu mzima ukimuanzia kwa swali, wengine wanaona unawapima.

Mie nasubiri swali lije lenyewe. Nakuwa na kipande cha sabuni kwenye mkoba, nakitoa kama nataka kunawa. Mwenzangu anasikia harufu ya mdalasini, anauliza. Hapo nasema maneno mafupi kabisa: "Naitengeneza mwenyewe, ndani mna mwani wa Paje na mafuta ya nazi, naiuzia hoteli mbili, natafuta ya tatu." Namaliza. Hata sekunde 15 hazifiki.

#22 Kibarazani

UkhtyJang'ombe kanifunga. "Hoteli mbili, natafuta ya tatu" ina kitu, ina ushahidi, ina ombi, na haina hata tone la kujisifu. Kijana wa Msuka, beba tawi moja la mwani uliokaushwa bandani na jengine lililopigwa na mvua. Yatie kwenye mfuko mmoja.

#23 ChukwaniKwetu

Akisimamishwa bandarini na mfuko wa majani makavu, nani atamtoa?

#24 Shangani_mzawa

😂😂 Hapo ndipo atakuwa na sekunde 30 za kweli za kujieleza.

#25 Nahodha Mstaafu

Nimesoma kimya muda wote. Mie biashara sijui, lakini abiria nimewasikiliza maisha yangu yote. Kipimo changu rahisi. Mtu akielewa habari, anaibishia au anaipeleka mbele. Juzi kijana mmoja kanieleza habari za boya zenye namba ili mwenye mtego ajue mtego wake. Nikamuuliza hapo hapo: "na kamba ikikatika je?" Hakufurahi, alidhani nampinga. Kumbe nilikuwa nshaiona boya yake kichwani. Ningekuwa sikuelewa ningemwombea dua nikanywa chai yangu.

#26 Kibarazani

Nahodha, ndiyo hivyo. Mie huwa naongeza jengine: kaa kimya, usikie kama atamgeukia mwenzake amwambie. "Huyu anakausha mwani bandani." Maneno atakayotumia yeye ndiyo uyachukue, yatakuwa mepesi kuliko yako. Akisema "huyu yuko kwenye miradi ya mazingira", rudi nyumbani ukaandike upya.

#27 Haji_wa_Mtoni

Na akimgeukia mwenzake ambaye ana mtaji? Nasema tu.

#28 MwaniWaMsuka

Nimejaribu upya. Nimeondoa chuo, tabianchi na Afrika Mashariki. Nimemlenga mnunuzi, kama alivyosema BintiKonde. Huu hapa, nikiulizwa nakwenda wapi:

"Narudi Msuka, tuna banda la kuanikia mwani. Masika mwani ukianikwa chini unapigwa na mvua na unaingia mchanga, kina mama wanakatwa bei kwenye mizani. Kwetu unakaa juu ya chanja, ndani, na upepo unapita. Msimu uliopita mwani wa bandani umeuzwa 700, wa mchangani 500. Sasa tunataka mnunuzi mmoja atulipe sisi kwa kilo, kina mama wakaushe bure. Wewe huna unayemjua Chamanangwe, pale kwenye kiwanda cha mwani?"

#29 BintiKonde

Mzuri. Ila "upepo unapita" usiseme mpaka umetia ule wavu.

#30 UkhtyJang'ombe

Mie ningekata "sasa tunataka mnunuzi atulipe sisi". Mgeni anasikia pesa zinakwenda kwako, kina mama wanabaki pembeni. Sema "mnunuzi anayetaka mwani safi", basi. Nani anamlipa nani mtazungumza mkikaa.

#31 Kibarazani

Hapa sikubaliani na wewe. Nani analipa ndiyo roho ya biashara. Ukiificha, mgeni anadhani ni mradi wa wafadhili, na wafadhili wakiondoka banda linabaki la mbuzi. Mara ngapi tumeona?

#32 UkhtyJang'ombe

Tumeona. Lakini pia tumeona vijana wanaozungumza pesa na mtu wasiyemjua jina. Huko si kwetu.

#33 Mjasiriamali_Halisi

Na jina la kampuni hajalitaja popote! Mgeni atakutafuta vipi?

#34 ChukwaniKwetu

Pemba? Ataulizia "wale wenye banda". Ataletwa mpaka mlangoni, na chai atapewa.

#35 MamaWaTatu_Wete

Kijana, nishafahamu sasa. Swali langu: hilo banda kaskazi liko tupu, na dagaa wanaanikwa chini vile vile, nzi na mchanga juu yake. Linakausha dagaa?

#36 MwaniWaMsuka

Mama, wewe ni mtu wa mwanzo kuniuliza hilo. Sijui kuhusu harufu.

#37 BintiKonde

Chanja mbalimbali, na masika banda lisafishwe wiki kabla. Mnunuzi wa mwani akifungua gunia akasikia dagaa, hatokung'uta mchanga tena, atakung'uta wewe.

#38 MamaWaTatu_Wete

Basi mie nina ndoo kumi za dagaa kila giza la mwezi. Niandikie inboksi bei yako kwa ndoo, na usinambie habari za suluhisho bunifu.